Faranga Elfu Nane Mia Mbili na Nane

Baiskeli yetu ilikamatwa kwa kosa la kutokuwa na kitambulisho. Sitanii. Mama alikuwa akiisukuma na madumu manne ya mawese kutoka upande wa Pangi, akafika kwenye kizuizi cha kuingilia Kindu, akatoa karata yake, yaani kitambulisho. Komanda akaikagua pande zote mbili, akamrudishia kwa heshima zote. Kisha akaigeukia baiskeli.

"Na huyu?"

"Huyu njo kinga, chef," mama alisema. Kwetu baiskeli ni kinga, na njo ni ndiyo.

"Ninaona njo kinga. Karata yake iko wapi? Na haya matope kwa mipira, njo ya wapi? Matope ya hapa iko nyeusi. Hii iko nyekundu. Hii kinga imetoka kwa adui."

Mama alijaribu kueleza kwamba barabara ya Pangi ni nyekundu tangu Mungu alipoiweka, lakini komanda alikuwa amekwisha kufungua daftari. Madumu yalirudishwa kwa mama, pungufu moja. Baiskeli ikaingizwa ndani ya kasho pamoja na wanaume wawili walioshikwa bila kibali cha usafiri, na asubuhi yake mmoja wao alilalamika kwamba mwenzao mpya anachukua nafasi ya watu wawili na wala hachangii maji.

Ilikuwa miaka ya vita, na Kindu ilikuwa imefungwa kama chupa. Treni haikuja, barabara zilikuwa za wenye bunduki, na kilichotoka Goma kilikuja kwa ndege na bei yake ilitosha kukuua. Mama alikuwa mjane. Baiskeli ile ndiyo iliyotupa chumvi, sabuni na karo yangu ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Bila baiskeli tulikuwa wanawake wawili na madumu matatu.

Komanda alitoza amande, yaani faini, ya faranga elfu tisa na mia sita. Kwa kima cha wiki ile, faranga mia tatu na ishirini kwa dola moja, hizo ni dola thelathini kamili. Dola zenyewe hakuzitaka, kwa sababu alisema kila noti ya dola iliyobaki Kindu ina tundu. Alitaka faranga, kabla ya saa sita mchana Jumamosi. Baada ya hapo ingeuzwa.

Mtu pekee tuliyekuwa naye mwenye pesa alikuwa kaka yangu mkubwa, yaya wangu kama tusemavyo kwetu, aliyekuwa Kigoma ng'ambo ya ziwa, akiuza dagaa. Alikuwa amekwenda huko zamani, tangu mimi sijajua kusoma, na alikuwa amekuwa mtu wa kule kabisa. Kumpata ilibidi kupitia foni, yaani redio ya kupigia, iliyokuwa kwenye nyumba yenye waya mrefu juu ya paa. Hukuongea mwenyewe. Ulimwambia mpiga foni neno lako, yeye akalipigia kelele kifaa, mwenzake wa Kigoma akaliandika kwenye karatasi na kumpelekea mwenyewe. Watu wote waliokaa foleni walisikia mambo yako, na wengine walitoa maoni.

Mama alisema: "Mwambie, kinga imeshikwa. Atume dola makumi tatu. Na atie na ya kutosha."

Nilikuwa nimesimama kando yake na nililisikia neno lile kwa masikio yangu. Lilikuwa neno la kawaida kama maji. Kwetu kutosha ni kuondoa, kutoa kitu mahali kilipo: unatosha viatu, unatosha chungu motoni, unatosha feza kwa mfanyabiashara. Mama alimaanisha gharama ya kuzitoa zile pesa. Mpiga foni akapiga kelele, "Atie na ya kutosha, ova!" na mzee mmoja kwenye foleni akaongeza kwamba afanye haraka.

Kesho yake jibu likaja: "Mwambie mama nimeweka ya kutosha. Zimetumwa leo."

Mama alipiga makofi. Alikwenda kukaa nje ya kituo cha kizuizi, mbele ya dirisha la kasho, kwa sababu aliogopa wasije wakambadilishia vipuri. Alikaa pale na chakula chake na akawa anazungumza na baiskeli, jambo ambalo nililiona aibu wakati ule. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuchukua pesa.

Mtu wa kulipa alikuwa mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole, mwenye duka la nguo na misumari. Yeye na mwenzake wa Kigoma walikuwa na mpango wao. Pesa zenyewe hazikusafiri hata hatua moja. Wa Kigoma alipokea shilingi, wa Kindu alilipa faranga, na kwa kuwa yule hakuwa na haja na faranga wala huyu shilingi, katikati waliwekeana dola, dola za daftarini tu ambazo hakuna aliyeziona. Siku moja mbele wangemalizana kwa vitenge na sabuni. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba yule patron mwenye duka alifungua daftari, akasogeza kidole, akaomba kimoyomoyo, akanihesabia faranga elfu nane mia mbili na nane.

Sikuuliza. Nani angeuliza? Mke wake alikuwa akikaanga mikate uani, ile midogo ya mviringo, akanipa miwili kwa kuwa nilionekana nimekonda. Nikaila njiani. Nilifika kituoni saa tano na nusu na mdomo unang'aa mafuta.

Mama alihesabu mara mbili. Komanda akahesabu mara tatu. Zilipungua faranga elfu moja mia tatu tisini na mbili. Mama akaniangalia mdomo.

"Ulikula nini?"

"Mikate. Mama ya duka alinipa."

"Alikupa," mama alisema, na kila mtu pale alisikia jinsi alivyolisema, hata wale wawili wa kasho.

Nadhani komanda alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alisema, "Mumeleta feza pasipo kuenea. Basi na kinga itatoka pasipo kuenea." Akaagiza askari alete spana. Gurudumu la nyuma likafunguliwa mbele yetu, likapigwa muhuri wa chaki, likarudishwa kasho peke yake. Tukapewa risiti: Kinga moja, kasoro mguu wa nyuma. Tukileta iliyobaki, tutapata mguu.

Tulibeba baiskeli ile katikati ya mji, mama mbele ameshika usukani, mimi nyuma nimeinua pale ambapo gurudumu halipo. Watu walitusalimu kwa pole kama tunaobeba mgonjwa. Mchana uleule mama alirudi foni akasema feza imefika pungufu. Jibu la yaya lilikuja moto, na mpiga foni alilisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Mimi niliweka ya kutosha. Muulizeni huyo aliyezipokea."

Basi. Niliyezipokea ni mimi. Kuanzia hapo nilikuwa mwizi.

Siku ya nne baadaye kikosi cha komanda kilihamishwa. Walikwenda kwa ndege, na gurudumu letu likapanda nao. Mtu alilishuhudia uwanjani, limelala juu ya magunia, likiwa na chaki yake. Gurudumu jingine la aina ile halikupatikana Kindu kwa pesa tulizokuwa nazo. Mama alirudi kubeba mawese kichwani, dumu moja badala ya manne, mpaka shingo yake ikakataa kugeuka upande wa kushoto. Mimi nikaacha shule.

Ukoo wetu hauna huruma kwa utani. Walinibandika jina Komisyo, yaani kamisheni. Arusi ikichangishwa, mtu husema, "Musimupe Komisyo, atakula mikate." Hata watoto waliozaliwa baada ya vita, wasiojua hata nani alipigana na nani, walijua shangazi alikula mguu wa baiskeli. Nilijitetea miaka ya kwanza. Nilisema zilikuwa elfu nane mia mbili na nane tangu dukani, nikasema hivyo mara nyingi kiasi kwamba namba ile ilikuwa inanitoka bila kuitwa, kama jina la mtoto. Mama hakunitukana hata siku moja. Lakini pia hakunitetea. Wengine wakicheka yeye aliinuka kwenda kutazama moto.

Kwa hasira, na nakiri ni kwa hasira tu, nikaingia kazi ya pesa. Leo nina kabine yangu mjini Kindu: mwavuli, meza, simu tatu, kikokotoo chenye vitufe vilivyofutika. Watu wanaweka na wanatosha. Mtaa mzima unaniamini na akiba zake. Nikikuta faranga mia ya mtu imebaki mezani, namkimbilia mpaka kona ya pili kumrudishia, naye hushangaa kwa nini nahema namna ile. Hajui ninamrudishia yaya wangu.

Mwaka huu paa la nyumba ya mama lilianza kuvuja juu ya kitanda, na yaya akapiga simu kutoka Kigoma kusema atatuma pesa za mabati. Mama alikuwa ameketi kando yangu chini ya mwavuli, anamenya karanga. Simu ninayopokelea ina kipaza sauti tu, spika yake ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo yaya alisikika mpaka kwa muuza mihogo.

"Sawa, yaya," nilimwambia. "Utie na ya kutosha."

"Hivi wewe unanionaje?" alifoka. "Kila mara niweke ya kutosha, niweke ya kutosha! Kwani mimi lini nimetuma zisizotosha? Nimepigiwa hesabu ya mabati na ninatuma pesa ya mabati. Inatosha!"

"Ndiyo, mabati njo hayo. Mimi ninasema ya kutosha. Ya kutosha feza hapa kwa kabine."

"Ya nini?"

"Ya kutosha. Feza iko ndani ya simu, unaitosha, inakatwa."

Nilisikia bodaboda ikipita huko Kigoma.

"Unamaanisha ya kutolea," alisema polepole. "Sisi huku tunasema ya kutolea. Kutosha ni... kutosha ni kuwa inatosha. Haipungui."

"Sisi hiyo tunasema kuenea."

Nilimwuliza kitu ambacho sijawahi kumwuliza, kwa sababu kila nilipolianzisha suala lile alikuwa akikata simu. "Yaya, ile mwaka ya kinga. Ulitia shilingi ngapi katika mukono ya ule muntu?"

"Elfu thelathini," alisema. "Nilimwuliza dola ni shilingi ngapi, akasema elfu moja. Mama alitaka dola thelathini. Elfu thelathini. Karatasi ilisema niweke ya kutosha, nikaweka ya kutosha."

"Na yeye alikata ngapi ya kutuma?"

"Walikuwa wanakata kumi kwa mia. Kwenye hizohizo."

Nikavuta kikokotoo. Muuza mihogo alikuwa ameacha kuuza. Nilisema kila hatua kwa sauti ili yaya asije akasema nimemfichia kitu.

"Elfu makumi tatu. Kumi kwa mia njo elfu tatu. Inabaki elfu makumi mbili na saba. Ugawe kwa elfu moja: dola makumi mbili na saba. Haiko makumi tatu, yaya. Dola tatu zilibaki Kigoma."

"Endelea."

"Dola makumi mbili na saba, mara mia tatu na makumi mbili: faranga elfu nane mia sita na makumi ine. Hapa patron alikuwa anakata tano kwa mia ya kutosha. Njo mia ine makumi tatu na mbili." Nilibonyeza alama ya kutoa, nikabonyeza ya kulingana, na ingawa nilijua, macho yalinijaa machozi kabla sijasoma. "Elfu nane mia mbili na nane."

Nilipiga kelele. Sioni aibu kuliandika. Niliinuka nikapiga kelele chini ya mwavuli wangu mwenyewe, "Mia mbili na nane! Mia mbili na nane!" na mteja mmoja akadhani nimeshinda bahati nasibu akanipongeza. Haikupungua hata faranga moja. Namba niliyoibeba tangu nina miaka kumi na sita ilikuwa imekaa mahali pake ikinisubiri.

Yaya naye alikuwa amechanganyikiwa. "Kwa hiyo ningeongeza tu ile kumi na ile tano. Kumi na tano kwa mia. Ningetuma elfu thelathini na nne na mia tano, mambo yameisha."

"Hapana," nikasema, na utamu wa kumrekebisha yaya wangu siwezi kuueleza. "Wanakata juu ya ile uliyoongeza pia. Angalia: inabaki elfu makumi tatu na moja na makumi tano. Njo dola makumi tatu na moja na senti tano, ya daftari. Faranga elfu tisa mia tisa makumi tatu na sita. Utoshe tano kwa mia, inabaki elfu tisa mia ine makumi tatu na tisa. Ingepungua tena mia moja makumi sita na moja. Komanda angebakisha hata kengele." Nilirudi nyuma kutoka mwisho kwenda mwanzo, ndivyo inavyofanywa: nikaigawa elfu tisa mia sita kwa sifuri nukta tisini na tano, kisha kwa mia tatu na ishirini, nikazidisha kwa elfu moja, nikagawa kwa sifuri nukta tisa. "Shilingi elfu makumi tatu na tano na mia moja. Hapo ingefika elfu tisa mia sita na tatu. Faranga tatu ningekula mimi, kwa haki."

"Elfu tano na mia moja tu zaidi," yaya alisema. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Mdogo wangu, nisamehe."

Nilikuwa nimeliota neno hilo. Niligeuka ili nimwone mama akilisikia. Alikuwa ameacha kumenya. Hakushangaa. Alikuwa akizitazama karanga kwenye ungo kana kwamba zimemfanyia kosa.

"Mama, umesikia? Sikukula!"

"Ninajua," mama alisema.

"Unajua sasa."

"Ninajua tangu ile Jumatatu." Alizungumza taratibu. "Nilienda kwa patron. Alinifungulia daftari, akanisomea hivi vyote wewe umesema. Elfu tatu kule, mia ine hapa. Niliona njo yaya yako alituma bila ya kutosha."

Nilikizima kikokotoo.

"Ningesema nini?" mama aliendelea. "Yeye alikuwa mbali, peke yake, anauza samaki kwa inchi ya watu. Niliwaza hana kitu tena. Ningemwambia, hakuna mwizi, njo feza yako haikuenea, angelia, angeenda kukopa, ao angeona haya, angeacha kutupigia. Wewe ulikuwa hapa. Nilikuona kila siku. Ulikula, ulilala. Niliona wewe utaweza."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia mama kwamba hapana, sikuweza, kwamba kuna arusi tatu sikwenda, na kwamba nilikuwa mtoto wake vilevile ingawa sikuwa mbali. Shingo yake iliyokakamaa ilikuwa imegeukia simu, kwa kuwa iko kulia.

Ndipo yaya aliposema kutoka kwenye simu mezani. Hakumaanisha ubaya. Alikuwa analia.

"Mama, ungeniambia. Siku ile nilikuwa na elfu sita nyingine mfukoni. Nilizinunulia viatu wiki iliyofuata. Ungeniambia tu kwamba ni makato, si mdogo wangu, ningeongeza, gurudumu lilikuwa bado liko kituoni."

Mama aliokota karanga moja, akairudisha ungoni. Hajui kusoma, na shilingi hakuwahi kuishika maisha yake yote. Kwa hesabu za kule hutegemea mtu wa kumhesabia. Alinigeukia mimi, mwili mzima, kwa sababu shingo haikubali.

"Wewe unajua hesabu," alisema. "Ile elfu sita. Na makato yao yote. Ingeenea?"

Kikokotoo kilikuwa mkononi, lakini sikukihitaji. Elfu sita, toa mia sita, dola tano na senti arobaini, faranga elfu moja mia saba ishirini na nane, toa themanini na sita: elfu moja mia sita arobaini na mbili, na zilizopungua zilikuwa elfu moja mia tatu tisini na mbili tu. Yaya naye alijua, nilikuwa nimemfundisha dakika tano zilizopita, na nilimsikia akivuta pumzi huko Kigoma na kuishikilia.

"Hapana, mama," nilisema. "Haingeenea."